Wifi ana mtaji, mimi nina soko: tuandikishe ubia au kampuni?

*Mshauri, shikamoo. Nauza mchele na maharage kwa jumla pale Tandale. TIN na leseni ziko kwa jina langu, na mwaka jana niliuza kama milioni 85. Mzigo ulio dukani ni wa milioni 15 hivi, maana mchele mwingi nauchukua mali kauli kwa watu wa Mbarali, nikiuza ndiyo nalipa. Sasa wifi yangu, ambaye ameajiriwa Dodoma, ana milioni 22 na anataka tufanye pamoja: yeye anunue mahindi Kibaigwa, mimi niuze huku. Pia kuna shule mbili za binafsi zinataka niwapelekee nafaka kila mwezi, walipe baada ya siku 45, lakini mhasibu wao ameniuliza kama nina kampuni.*

*Mume wangu anasema tuandikishe ubia, ni mambo ya familia. Kijana anayejaza fomu za BRELA mtaani kwetu anasema fungua kampuni, deni la kampuni halikugusi. Jirani wa duka anasema kampuni ni kujipeleka TRA mwenyewe. Tuna nyumba tunayoishi na kiwanja Chanika. Nishike la nani?*

*Mama Mchele, Tandale*

Marahaba, Mama Mchele. Katika washauri wako watatu, anayenitia wasiwasi zaidi ni mumeo. Kijana wa fomu amesema nusu ya ukweli na jirani yako amesema robo yake, lakini ubia wa kifamilia usioandikwa vizuri ndio unaoweza kukutoa Tandale. Nianze nao.

Kwa sheria yetu ya Tanzania Bara, ubia umo ndani ya Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, na jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba ubia hausubiri karatasi. Watu wawili wakifanya biashara moja kwa pamoja ili wapate faida, wameshakuwa wabia. Wifi akituma lori la kwanza kutoka Kibaigwa, wewe ukauza, mkagawana kilichobaki, ubia umezaliwa hata kama hakuna aliyegusa fomu ya BRELA. Na mkiwa hamkuandikiana chochote, sheria inawawekea masharti yake. Faida na hasara mtagawana nusu kwa nusu, hata kama mmoja ameleta milioni 22 na mwingine 15. Wewe unayefungua duka alfajiri huna haki ya kudai mshahara. Mmoja wenu akifariki, ubia umevunjika, na warithi wanakuja kuulizia fungu lao katikati ya msimu.

Hayo yote yanarekebishika kwa hati ya ubia. Lisilorekebishika ni hili: kila mbia ni wakala wa mwenzake kwa mambo ya kawaida ya biashara hiyo.

Chukua mfano. Wifi yuko Kibaigwa, anakutana na gunia 300 za mahindi, kila moja kilo 100, kwa shilingi 600 kilo. Huo ni mzigo wa milioni 18. Muuzaji anamwamini, anampa mali kauli. Mzigo unafika Tandale umelowa. Ukipima unyevu unakuta umevuka asilimia 13.5, ambacho ndicho kiwango cha juu cha mahindi makavu kwa viwango vya Afrika Mashariki, na gunia za katikati zimeanza ukungu. Wenye mashine za kusaga wanakataa, unauza kwa hasara unapata milioni 11. Zimepungua milioni 7. Muuzaji wa Kibaigwa halazimiki kuanza na wifi. Anaweza kupanda basi akaja kwako, wewe mwenye duka linaloonekana, akadai milioni 7 zote. Hukusaini, hukuwepo, hukuuona mzigo, lakini ni deni lako. Ukishalilipa ndipo umfuate wifi akurudishie nusu yake, na wifi huyo ni dada wa mumeo. Hata hati iliyoandikwa na wakili, ikisema wifi haruhusiwi kukopa bila idhini yako, haimfungi muuzaji ambaye hakuambiwa. Itakusaidia ukigombana na wifi tu.

Kuhusu nyumba nikutoe hofu kidogo. Mdai aliyeshinda kesi ya deni la kawaida hawezi kuikamata nyumba ambayo mdaiwa anaishi na familia yake. Kifungu cha 48 cha Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai kinaikinga. Kiwanja cha Chanika hakina kinga hiyo, wala fedha zako benki, wala mzigo dukani. Na kinga ya nyumba inakwisha siku mtakapoiweka rehani, kwa sababu hapo mmeitoa wenyewe kwa hiari. Benki haiwezi kuichukua rehani bila mumeo kuridhia, kwa hiyo atakapoletewa karatasi ya kusaini, aisome yote.

Kwa hiyo ubia nauweka kando. Zimebaki njia mbili, na kinachoamua kati yake ni jibu la swali ambalo itabidi umuulize wifi ana kwa ana: anataka kuingia kwenye biashara, au anataka fedha zake zizae?

Kama anataka fedha zizae, baki mfanyabiashara binafsi. Sajili jina la biashara BRELA, ada yake ni shilingi 20,000, ili ankara na akaunti ya benki viache kubeba jina lako la kwenye kitambulisho. Jina la biashara halikukingi na chochote. Ni wewe yuleyule umevaa kanzu nyingine, na deni la duka ni deni lako. Lakini unakuwa na deni la mikono yako tu, hakuna wa Kibaigwa anayeweza kukuongezea. Milioni 22 za wifi zinaingia kama mkopo kwa mkataba wa maandishi wenye tarehe za marejesho na kiasi atakachopata juu yake. Neno faida lisikae humo hata kidogo, wala kugawana, wala pamoja. Na wifi asinunue mzigo kwa jina la duka. Mkopeshaji anayenunua, anayepanga bei na anayekula asilimia ya faida ataonekana mbia mbele ya hakimu, hata karatasi ikimwita mkopeshaji.

Ila kwa jinsi ulivyoniandikia, sidhani kama wifi atakubali kukaa pembeni. Ana watu wake Kibaigwa, ana soko la mahindi analolijua, na ukweli ni kwamba hapo ndipo thamani yake ilipo. Mtu wa hivyo ndani ya biashara, pamoja na mali kauli ya Mbarali na shule zinazokaa na fedha zako siku 45, vinanipeleka kwenye kampuni. Sheria ya Makampuni ya 2002 inataka wakurugenzi wasiopungua wawili, na nyinyi ni wawili. Mtahitaji pia katibu wa kampuni, katiba ya kampuni, namba za NIDA na TIN za kila mmoja, na kutaja wamiliki manufaa, yaani watu halisi wanaonufaika na hisa. Ada za BRELA hupanda kulingana na mtaji wa hisa; kwa mtaji wa milioni 25 ninaokupendekezea hapa chini, jumla haifiki laki nne. Kijana wa mtaani akikutajia milioni moja na nusu, muulize kinachozidi ni cha nani.

Sasa hisa, maana hapa ndipo wengi hujichimbia. Mkihesabu mtaji kama ulivyo, wifi ana 22 na wewe 15, kwa hiyo atakuwa na karibu asilimia 60 ya hisa. Maamuzi ya kawaida ya wanahisa hupita kwa zaidi ya nusu ya kura, na kumwondoa mkurugenzi ni mojawapo ya maamuzi hayo. Utakuwa umemkabidhi wifi uwezo wa kukutoa kwenye duka ulilolijenga wewe. Kugawana nusu kwa nusu nako sikupendi: siku mkitofautiana hakuna anayeweza kuamua, akaunti inakaa na fedha ambazo hakuna wa kuzitoa.

Fanyeni hivi. Mzigo wako wa milioni 15 uingie kama malipo ya hisa zako. Wifi alipe hisa za milioni 10. Mtaji wa hisa unakuwa milioni 25, wewe una asilimia 60 na yeye 40. Milioni 12 zake zilizobaki zinaingia kama mkopo kwa kampuni, ambao unalipwa kwa ratiba bila kusubiri kama kuna gawio. Wifi hadhulumiwi hapa. Sehemu kubwa ya fedha zake inarudi kwanza, na kwa mambo mazito kama kubadili katiba ya kampuni inatakiwa robo tatu ya kura, kwa hiyo bila yeye huwezi. Kwenye katiba, au kwenye mkataba wa wanahisa, muandike kwamba mzigo wowote unaozidi kiasi fulani, tuseme milioni 5, unanunuliwa kwa saini za wakurugenzi wote wawili, na kwamba anayetaka kuuza hisa zake aanze na mwenzake. Akaunti nayo iwe ya saini mbili. Zingatia kwamba saini mbili za benki zinalinda fedha zilizoko benki tu, hazizuii mali kauli. Kwa hiyo wauzaji wa Kibaigwa wapewe barua ya kampuni inayosema oda ya kiasi hicho bila saini zote mbili haitambuliki. Onyo likishamfikia muuzaji, mambo yanabadilika.

Turudi kwenye gunia zetu 300 zilizolowa. Safari hii mnunuzi ni kampuni. Upungufu wa milioni 7 ni deni la kampuni, na muuzaji anadai mali ya kampuni: mzigo, akaunti, fedha ambazo shule zinadaiwa. Vikiisha, anaishia hapo. Mtaji wako umeumia, wa wifi pia, lakini Chanika haiguswi.

Sasa kijana wa fomu aliacha nini? Kinga hii inavuja, na mara nyingi mwenye kampuni ndiye anayeitoboa. Mvujo wa kwanza ni benki. Kampuni mpya haina historia, kwa hiyo afisa mikopo atataka wakurugenzi wadhamini mkopo wenyewe. Ukisaini dhamana binafsi, kwa deni hilo umerudi kuwa Mama Mchele wa TIN ya zamani. Mvujo wa pili ni mdogo na ndio unaowaponza wafanyabiashara wa nafaka: kidaftari. Watu wa Mbarali wamekuzoea, wataendelea kuandika “Mama Mchele tani 4” na wewe utaendelea kutia saini. Deni lililoandikwa hivyo ni lako. Kuanzia siku kampuni inaanza, kila oda, kila hati ya kupokea mzigo na kila ujumbe wa simu wa kuagiza utaje jina kamili la kampuni pamoja na neno Limited mwishoni, na ukisaini usaini kama mkurugenzi, na mhuri. Mvujo wa tatu ni droo. Ukichota ada ya mtoto kwenye mauzo ya leo bila kuandika ni mshahara, mkopo au gawio, siku ya kesi wakili wa mdai atasema kampuni na wewe ni kitu kimoja, na daftari lako litamuunga mkono.

Jirani yako na TRA yake. Ana hoja kwa mtu wa mauzo yako ya mwaka jana. Mfanyabiashara binafsi ambaye mauzo yake hayavuki milioni 100 kwa mwaka anaweza kulipa kodi ya makadirio inayohesabiwa juu ya mauzo, kwa kiwango kisichofika asilimia 4, na hahitaji mhasibu wa kufunga mahesabu. Kampuni haina mlango huo. Inalipa asilimia 30 ya faida tangu mwaka wa kwanza, na mahesabu yake lazima yapitie kwa mhasibu mwenye sifa. Lakini usisahau upande wa pili: kodi ya mauzo hailii na wewe mwaka wa hasara. Kwenye nafaka, ambako faida ni nyembamba, unaweza kupoteza mtaji na bado ukadaiwa.

Isitoshe, ukiongeza mahindi ya Kibaigwa na shule mbili, milioni 100 utaivuka, na hapo hata mfanyabiashara binafsi anahamia kwenye kodi ya faida. Tuseme mwaka ujao mauzo ni milioni 180 na faida milioni 15 kabla hujajilipa. Ukiwa mtu binafsi, viwango vya kodi ya mtu mmoja vinakupa kama milioni 2.44. Kampuni isiyokulipa mshahara italipa asilimia 30 ya zote, milioni 4.5, na hiyo ndiyo namba wanayotishiana watu sokoni. Sasa kampuni ikulipe mshahara wa laki 8 kwa mwezi, milioni 9.6 kwa mwaka. Mshahara ni gharama ya kampuni. Faida inayobaki ni milioni 5.4, kodi yake milioni 1.62, na kodi ya mshahara wako ni kama laki 9 na elfu 36. Jumla kama milioni 2.56. Tofauti na mtu binafsi ni laki moja na ushee. Faida iliyobaki mkiigawa kama gawio, asilimia 10 inakatwa tena. Michango ya NSSF sikuiweka humo, nayo ipo pale kampuni inapokuwa mwajiri.

Kinachouma kwenye kampuni kuliko kodi ni karatasi. Kila mwaka BRELA wanataka taarifa ya mwaka, ada shilingi 22,000, na ukichelewa adhabu inahesabiwa kwa mwezi. TRA wanataka makadirio mwanzoni mwa mwaka, malipo kwa awamu nne, na ritani ndani ya miezi sita baada ya mwaka wa hesabu kuisha. Kampuni iliyolala inadaiwa haya yote vilevile. Tafuta mhasibu wa kulipwa kwa mwezi kabla hujasajili, na gharama yake uiweke kwenye bei ya gunia.

Kuhusu shule, usisajili kampuni kwa sababu mhasibu wao ameuliza. Mara nyingi wanachotaka ni TIN, leseni, risiti ya EFD na akaunti inayofanana na jina lililo kwenye ankara, na mfanyabiashara mwenye jina la biashara anavyo vyote. Waombe orodha kwa maandishi. Kinachonisumbua zaidi ni siku 45 zao. Kama watu wa Mbarali wanakupa siku 14, kuna mwezi mzima ambao wewe ndiye unazilisha shule hizo kwa mtaji wako. Milioni 12 za mkopo wa wifi zitaishia humo. Anza na shule moja, muhula mmoja.

Mkishaamua, kuhama kuna utaratibu. Leseni yako haihamii kwenye kampuni. Kampuni inaomba yake, na TIN yake, na mashine yake ya EFD. Mkataba wa pango la duka uandikwe upya kwa jina la kampuni. Siku ya kuhama mhesabu mzigo gunia kwa gunia mbele ya wifi, mkubaliane bei, muandike kwamba umeingia kama malipo ya hisa zako, mtie saini wote wawili. Na madeni ya Mbarali ya kabla ya siku hiyo yanabaki kwako binafsi, hayaingii kwenye kampuni kwa sababu tu duka limebadili jina. Yalipe kwanza, au muhesabu mzigo wako baada ya kuyatoa: kama kwenye zile milioni 15 kuna milioni 4 ambazo bado ni za watu, hisa zako ni za milioni 11, na ile asilimia 60 imeshashuka. Kwa hiyo usimwonyeshe wifi hesabu ya hisa kabla hujakaa na kidaftari cha Mbarali.